Gauni litakuwa tayari lini?

Mteja akiniuliza gauni litakuwa tayari lini, siku hizi sijibu kabla ya kufungua daftari. Kichwani huwa naona kukata, kushona na kupiga pasi tu. Sioni kuzunguka kutafuta zipu ya rangi ile, umeme kukatika, wala mteja mwenyewe kuchelewa kuja kujaribu.

Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliliandika jambo hili, la kukadiria muda mfupi kuliko ule kazi inaochukua kweli, mwaka 1979. Mwaka 1994 mtafiti Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu zao lini. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Ikachukua 55 na ushee. Hata walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitakwenda vibaya, walisema 49 hivi. Bado pungufu! Kujitisha peke yake hakutoshi, maana macho yako yamebaki kwenye kazi hii moja.

Kwa hiyo kama gauni lina bitana, natazama daftarini magauni yaliyopita yenye bitana, tangu siku ya kupima hadi ya kuchukuliwa, si saa za cherehani. Kama mengi yalifika wiki tatu, nasema wiki tatu, hata kama moyo unasema moja. Kitambaa ambacho sijawahi kukishona naongeza muda, kwa sababu daftari halina mfano wake. Wapo wanaonuna na kwenda kwa fundi anayeahidi Ijumaa.