Mia na moja

"Dada, hii mia na moja umeitoa wapi? Mbona mwezi uliopita zilifika mia sawasawa?"

Tangu Jumanne naisikia. Bosi aliisema mbele ya kikao kizima, simu mkononi ameshajumlisha asilimia za ripoti yangu ya mauzo, na yule wa stoo (mnamjua) akacheka mpaka akakohoa. Shemeji kavishwa pete Alhamisi, nyumba imejaa ndugu, na mimi huku jikoni nahesabu katoni za sabuni.

Zilikuwa 800. Kariakoo 300, Mbagala 221, Tegeta 165, Kigamboni 114. Ukigawa kila moja kwa 800 na kuzidisha kwa mia unapata 37.5, 27.625, 20.625 na 14.25. Ripoti yetu haionyeshi desimali, kwa hiyo zinasomeka 38, 28, 21 na 14. Tatu zimepandishwa, moja tu imeshushwa, ndipo ile moja ya ziada ilipotokea. Chini Excel ilikuwa imeandika 100%, kwa sababu yenyewe hujumlisha namba kamili zilizojificha ndani ya seli, wakati bosi alijumlisha anachokiona. Hakuna aliyekosea! Ningeacha desimali moja tu, ingesomeka 37.5, 27.6, 20.6 na 14.3, mia kamili, tukanywa chai. Wa stoo eti, "Mpunguzie Kariakoo iwe 37, yaishe." Yaishe vipi, na katoni zake 300 zipo pale pale?

Jana usiku, watu wamelala, nikafungua ripoti ya mwezi uliopita. Nia yangu haikuwa nzuri: nilitaka kuonja hiyo mia sawasawa yake.

Mbagala, asilimia 29. Jumla ya mwezi ule ni katoni 760, na asilimia 29 yake ni kama 220. Safu ya pembeni inasema Mbagala iliuza 190. Kuondoa desimali kunaweza kukupotosha nusu asilimia tu, hapo ni katoni zisizofika nne. Hizi ni 30. Nikagawa upya: 25.

Nikabofya seli. Nilitegemea kukuta fomula kama hii:

```
=B3/$B$6
```

Nikakuta 29% tupu, imebandikwa. Nilinakili jedwali la mwezi wa nyuma yake, nikaandika katoni mpya, asilimia nikaziacha za zamani. Zilifika mia, ndiyo, ila mia ya mwezi mwingine. Na kwa hiyo 29 Mbagala waliongezewa mzigo, na sasa wanalalamika kila siku kwamba sabuni haitoki.

Mwezi uliopita zilifika mia sawasawa. Jumatatu nitamwambia, kabla hajakaa. Nimeshajaribu sentensi tatu na zote zinaanza na "samahani bosi" halafu zinakwama.

Na mtungi wa gesi nimeuinua asubuhi hii, mwepesi kabisa. Wageni wanaondoka Jumatano.