Kilo Moja ya Gunia

Kilichonishtua kwenye vitabu vya chama kile cha msingi ni kwamba havikuwa na kasoro. Nilikuwa mkaguzi mchanga, nimetumwa kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, msimu wa korosho ukiwa umeshapita. Jumla ya manunuzi kwenye risiti: kilo 42,310. Stakabadhi za ghala kuu: kilo 42,310. Hakuna hata kilo moja iliyopotea.

Mtu wa mjini angepiga muhuri akaondoka. Lakini korosho za mwanzo wa msimu, za Oktoba, hufika na unyevu. Zikikaa wiki mbili tatu kwenye ghala la kijijini zikingoja lori, hunyauka na uzito unashuka. Hapo hujaweka panya na magunia yanayopasuka. Kwa hiyo swali langu likageuka: hizi kilo zilizofidia unyaufu zimetoka wapi?

Nilianza na mzani. Stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwepo, haijaisha muda. Tukapandisha jiwe la kilo 20, ukasoma 20. Tukaliweka pembeni ya sahani, ukasoma 20 vilevile. Mzani ulikuwa hauna hatia.

Jibu nililipata nje, chini ya mwembe. Mzee mmoja alikuwa ameketi na daftari la shule lililokunjwa mara mbili mfukoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mkaguzi? Haya, kagua na la kwangu."

Kabla ya kupeleka korosho chamani alikuwa amezipima kwa rafiki yake mwenye duka. Mifuko mitatu: 53, 52, 54. Jumla kilo 159. Risiti yake ya chama ilisema 156. Kilo moja kamili kila mfuko, wala si nusu.

Karani wa mizani hakukataa. "Ile ni kilo ya gunia, bosi. Tunaitoa kwa kila mtu." Na kweli, gunia la katani lina uzito wake, lazima litolewe. Ila wakulima hawakuleta korosho kwenye magunia ya katani. Walileta kwenye mifuko ya salfeti, ikapimwa, ndipo zikamwagwa kwenye magunia ya chama. Nikaomba mifuko kumi mitupu ya salfeti, tukaiweka yote kwenye mzani kwa pamoja: kilo moja. Yaani mfuko mmoja ni gramu 100, na mkulima alikuwa anakatwa gramu 900 asizostahili kukatwa.

Usiku ule, kwa taa ya chemli, nikahesabu mistari ya rejesta ya mizani. Mifuko 840 ilipimwa. Zidisha kwa gramu 900, unapata kilo 756 zilizoingia ghalani bila kuandikwa kwa mtu.

Lakini korosho zisizo na mwenyewe hazilipwi, maana malipo hufuata majina. Nikarudi kwenye nakala za kaboni za risiti, nikazipanga kwa namba badala ya tarehe. Mbili zilikuwa za mwisho kabisa wa kitabu, ilhali tarehe zake ni za siku lori lilipoondoka, na kati yake na risiti zilizotangulia namba nyingi bado tupu. Kwenye rejesta ya mizani majina hayo hayakuwa na mstari wowote. Kwa pamoja: kilo 310. Mmoja wa wenye majina alikuwa mama mkubwa wa karani. Nilipomtembelea alinikaribisha vizuri tu, akaniambia hana mkorosho hata mmoja.

Ukitoa zile 310, wakulima wa kweli waliandikiwa kilo 42,000. Ongeza 756 zilizofichwa, zilikuwa 42,756. Ghala kuu lilipokea 42,310. Kwa hiyo kilo 446 zilinyauka kweli, kama asilimia moja hivi, kiasi ambacho mimi ningekikubali bila maneno kama kingeandikwa.

"Zikipungua kule nadaiwa mimi," karani aliniambia asubuhi yake, macho chini. Namwamini kwa sehemu hiyo. Nafikiri alianza kwa woga, akijiwekea akiba ya kuziba unyaufu, kisha akiba ikazidi hitaji na ziada ikatafutiwa jina. Chama hakikuwa na ukurasa wa upotevu ghalani. Bodi ilitaka vitabu vinavyolingana, ikapewa.

Misimu ya nyuma sikuweza kuithibitisha, maana mifuko ilishatupwa na hakukuwa na daftari la mtu mwingine. Niliandika ule mmoja tu. Fedha za kilo 310 zilirudishwa, zikagawanywa kwa mifuko 840.

Msimu uliofuata nilimkuta mzee palepale. Baada ya makato kilo ilikuwa imemfikia kwa shilingi 2,000, hivyo mifuko yake mitatu ilimrudishia shilingi 2,214. Alinifungulia daftari, aliziandika. Chini yake alikuwa na safu mpya: uzito wa mfuko mtupu.