Fremu ya skwea paipu: hiyo 1200 ni ya ncha ndefu au fupi?

Nilikuwa natengeneza fremu ya meza ya kazi, juu 1200 kwa 600, kimo 750, skwea paipu ya 40 kwa 40, nikaichora kwenye SolidWorks maana nilitaka orodha ya kukata itoke yenyewe. Nikachora mstatili wa 1200 kwa 600, nikaweka Structural Member, kona nikachagua End Miter, zikakutana kwa 45 safi kabisa. Kumbe ule mstari unapita katikati ya paipu, yaani paipu inatokeza milimita 20 kila upande, kwa hiyo kwa nje fremu ilikuwa 1240 kwa 640. Nikarudi kwenye mchoro nikaweka 1160 kwa 560, ikakaa.

Miguu ndo ilinisumbua. Niliiongeza kwa Structural Member ya pili na kwa macho iko poa, ila orodha inasema 730 wakati 750 ukitoa 40 ya fremu ya juu unapata 710, zile 20 zimezama ndani ya paipu ya juu na huzioni mpaka ukate modeli katikati. Nikatumia Trim/Extend, miguu ndo inakatwa na fremu ya juu ndo mpaka, ikasoma 710. Siku hizi siprinti orodha kabla sijapiga hesabu ya kila kipande pembeni.

Basi nikampelekea fundi: vipande 2 vya 1200, 45 na 45. Akapima 1200 upande wa ndani, akakata, kipande kikatoka 1280 kwa nje! Nikamuuliza vipi fundi, akanijibu, "Bosi, hapa hujaandika ni ncha ndefu au fupi." Na ni kweli, LENGTH ya kwenye orodha inapima ncha hadi ncha upande mrefu, upande mfupi ni 1120. Halafu 45 na 45 haikuambii kama mikato inaangaliana au inalala upande mmoja, na ikilala upande mmoja hicho kipande hakifungi kona. Nashukuru vilikuwa virefu, tukavikata upya.

Tangu hapo kila kipande cha kona nakichorea kapicha pembeni ya orodha, 1200 juu, 1120 chini.

Paipu pia pima kabla hujagawa. Mimi niligawa kwa mita 6: 1200 mbili, miguu 4 ya 710, na 600 moja, jumla 5840, weka na milimita 3 za diski kila mkato unafika kama 5861. Paipu niliyoletewa ilikuwa mita 5.8, ikabidi ile 600 ihamie paipu ya pili pamoja na mwenzake na zile 520 mbili za chini za kuunganisha miguu.

Fundi akashika kona kwa vidoti tu kwanza, tukapima ulalo, unatakiwa 1342, tukapata 1341 na 1343, ndo nikamwambia achomelee.