Sufuria Ambayo Haikuwa na Mauti

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili tusome 2 Wafalme 4:38–41, aya nne tu. Nchi ina njaa. Elisha amerudi Gilgali, wana wa manabii wameketi mbele yake, naye anamwagiza mtumishi wake ateleke sufuria kubwa awapikie. Mmoja wao anatoka kwenda kondeni kutafuta mboga, anarudi na nguo iliyojaa matango-mwitu, anayakatakata na kuyatia sufuriani. Hawakuyajua. Walipoonja wakapiga kelele kwamba sufuriani mna mauti. Elisha akaomba unga, akautia, kisha akasema watu wapakuliwe wale.

Miaka yote nimesoma habari hii nikimtazama Elisha na unga wake. Mwezi uliopita ndipo nilipomwona yule aliyekuwa ameshika mwiko. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika hotuba ya kumuaga mpishi wa shule niliyosoma, mama aliyekaa jikoni pale miaka 38. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa upendo, uvumilivu na mikono yenye baraka. Niliposoma kwa sauti nikagundua kwamba ingeweza kusomwa vilevile kwa dereva au karani, hata jina lisingehitaji kubadilishwa. Nikaichana.

Nikaamua kuwauliza waliokula chakula chake swali moja: ni siku gani ya chakula cha shule ambayo hujaisahau? Sikuuliza kama alikuwa mtu mwema, maana swali hilo huzaa majibu ya heshima tu. Katika familia moja nilipata vizazi vitatu vilivyopita mikononi mwake. Mjukuu, aliye na umri wa miaka 7, ana mzio wa karanga. Aliniambia, “Upawa wangu una uzi mwekundu na msumari wake peke yake ukutani, na mimi napakuliwa wa kwanza kabla sufuria nyingine hazijafunuliwa.” Mama yake alikumbuka kuchambua mawe kwenye maharagwe pamoja na mpishi siku aliyokataa kuingia darasani kwa sababu ya kulia. Bibi yake alikumbuka njaa.

Habari ya bibi ndiyo iliyokuwa hotuba yenyewe. Alikuwa darasa la juu, na mpishi alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo, mgeni kazini. Siku hiyo kengele ya chakula ililia saa saba, watoto 400 wakapanga mstari, na mpishi akakataa kupakua maharagwe. Walimu wakamhimiza, akakataa. Mstari ulisimama mpaka wali ukaliwa na mboga peke yake, saa nane na nusu, maharagwe yakiwa bado motoni. “Tulimchukia siku ile,” bibi aliniambia, na mpaka leo hakujua sababu.

Nikaenda kumuuliza mpishi. Alikumbuka mara moja.

“Mwanangu, yale yalikuwa maharagwe mekundu, kilo 20. Msaidizi alikuwa ameyaloweka asubuhi badala ya usiku, na kwa kuona muda umekwisha akapunguza moto yasiungue, akafunika. Kwa juu yalionekana laini. Mimi huchota chini, katikati na juu, kwa sababu sufuria kubwa haiivi sawasawa. Nikabana moja kati ya vidole. Ngozi ilipasuka, lakini ndani palikuwa na kiini cheupe kama chaki.”

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana jambo hili wengi hatulijui ingawa tunakula maharagwe karibu kila wiki. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili. Punje chache tu, nne au tano, zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha, kwa kawaida ndani ya saa moja mpaka tatu. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale husaidia, lakini kinachoivunja sumu ni kutokota kwa nguvu, povu likipanda, si chini ya dakika 10, na wengine hushauri 30. Moto mdogo hauiondoi. Maharagwe yaliyopashwa muda mrefu bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Kwa hiyo ulaini peke yake hautoshi kuthibitisha kitu. Mpishi aliyeuliza “yalichemka lini, na kwa muda gani?” akajibiwa “hayakuchemka sana” alikuwa amekwisha kupata jibu lake. Tazameni pia kwamba msaidizi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama yule aliyekwenda kondeni: mwenye bidii, aliyetaka watu wale upesi, asiyejua.

Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyepiga kelele. Maandiko yaliandika habari ya siku ile sufuria ilipokuwa na mauti. Siku nyingine zote ambazo mtumishi wa Elisha aliteleka na watu wakala wakashiba hazikuandikwa hata mstari mmoja, na jina lake hapa halimo. Nami niliona kwamba hotuba ya kumuaga mpishi haina budi kusimulia yale ambayo hayakutokea. Watoto 400 hawakutapika. Hakuna mzazi aliyeitwa. Hakuna daktari aliyekuja. Walichopata ni mlo uliochelewa na hasira ya mchana mmoja.

Basi ndivyo nilivyoandika. Nilianza na siku ile, nikaeleza maharagwe kama nilivyowaelezeni ninyi, kisha nikapiga hesabu mbele ya watu: siku 190 za masomo kwa mwaka, kwa miaka 38, ni siku 7,220. Nikasema kwamba katika kila moja ya siku hizo kulikuwa na mtu aliyechota chini, katikati na juu. Nilitaja uzi mwekundu. Sikutaja utani wa watoto juu ya vipimo vya wali, ingawa niliombwa niutie ili watu wacheke, kwa kuwa vipimo hakuvipanga yeye, alipewa magunia akayagawa. Sikumwahidi chochote ambacho shule haijakitoa. Hotuba nzima ilichukua dakika sita.

Siku yenyewe kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu. Nilimkuta jikoni, amevaa nguo yake ya sherehe, akionja chakula cha wageni wake. Tulikuwa tumeleta wapishi wengine makusudi ili yeye akae, na bado ilibidi nimshike mkono. Nadhani tulikosea kidogo kwa kutomwonyesha mapema nani anapika na nini, maana mtu aliyelinda sufuria miaka 38 hawezi kuketi kwa amani huku sufuria asiyoijua iko motoni.

Nilipofika kwenye habari ya saa nane na nusu, yule bibi alisimama katikati ya ukumbi. Hakuwa kwenye ratiba. Alipita kati ya viti, akamshika mpishi mikono yote miwili, akasema, “Mwenzangu, sikujua.” Walikaa hivyo kitambo, na mimi sikuendelea kusoma.

Alipopewa nafasi ya kujibu, mpishi alimshukuru Mungu, akawashukuru wasaidizi wake kwa majina, kila mmoja, hata waliokwisha kufariki. Kisha akageuka kumtafuta kwa macho kijana anayechukua nafasi yake, aliyesimama nyuma karibu na mlango. Ilikuwa Jumapili.

“Ya kesho umeloweka?”

“Nimeloweka, mama. Tangu saa kumi.”

Akaketi.