Siku yangu na kaa wa Juma: vipindi viwili vya kusoma, darasa la pili

Saa 11:30 alfajiri. Huku Mufindi baridi ya asubuhi haina adabu. Nimewasha jiko, na maji yakichemka namalizia kuandika hadithi ya leo kwenye karatasi ya manila kwa makapeni nyeusi. Nimeitunga mwenyewe jana usiku. Ina sentensi nane:

Juma alikwenda ufukweni na babu.
Aliona kaa mdogo mchangani.
Alimweka kaa ndani ya kopo.
Kisha akaenda kucheza mpira.
Aliporudi, kopo lilikuwa tupu.
Mchangani kulikuwa na alama ndogo ndogo.
Zilielekea majini.
Juma alilia, babu akacheka.

Kichwa chake ni "Kaa wa Juma". Chini yake nimechora kopo lililolala na kaa anakimbilia baharini. Mchoro umenitoka vizuri, nikajisifu. Ungekuja kuniponza baadaye.

Saa 1:15. Nikiwa ofisini napitia andalio la somo. Mkondo A nitaingia saa 2:30, mkondo B saa 4:40, vipindi viwili mfululizo kila mmoja, yaani dakika 60. Kwenye andalio nimegawa sehemu tatu: kabla ya kusoma dakika 10, wakati wa kusoma dakika 30, baada ya kusoma dakika 20. Mwalimu wa darasa la kwanza kachungulia, akaniuliza, "Madam, dakika kumi za nini kabla hata hawajasoma?" Nikamwambia ni za neno moja tu: kaa.

Saa 2:30, mkondo A. "Shikamoo mwalimuuu!" Watoto 58. Nikabandika manila yote ubaoni, nikasoma kichwa, nikauliza kaa ni nini. Mmoja akasema ni la moto, mama yake analiweka kwenye pasi. Mwingine akainuka akakaa, akasema, "Hivi." Darasa likaangua kicheko. Wa tatu, anayeishi karibu na mto, akasema kuna mdudu wa kwenye mawe mtoni mwenye makoleo, akamtaja kwa Kihehe. Huyo ndiye niliyekuwa namngoja.

Nikaandika "kaa la Juma" na "kaa wa Juma", moja chini ya nyingine, nikauliza ipi ya moto na ipi ya mtoni. Hapa mtoto hahitaji kuambiwa habari za ngeli. Anaongea Kiswahili, sikio lake linajua. Walipata wote. Mpaka hapo tulikuwa sawa.

Kisha nikaharibu. Nikauliza, "Mnadhani nini kitatokea?" Jibu likaja kwa sauti moja: "Kaa atakimbia!" Wangekosaje, na mchoro wangu mzuri uko mbele yao? Hawakubashiri chochote, walinisomea picha. Na kwa kuwa walikuwa wamechangamka, nikaendelea kueleza ufukwe, mchanga, mawimbi, mpaka saa inaonyesha dakika 20 zimekwisha.

Kwa haraka niliyokuwa nayo nikasoma mara moja kwa ufito, tukasoma pamoja mara tatu. Sauti ikawa tamu kama kwaya. Lakini dawati la tatu kuna kijana anatamka "kopo lilikuwa tupu" macho yake yako dirishani, anaangalia lori la majani ya chai. Nikamwita ubaoni, nikaweka ufito kwenye sentensi ya sita. Akasoma: "Juma alikwenda ufukweni na babu." Hakuwa anasoma, alikuwa amekariri, na akiguswa popote anaanzia mwanzo. Nikajaribu wengine wanne kwa kurukaruka sentensi. Wawili walikuwa hivyohivyo.

Maswali ya baada ya kusoma yakabaki na dakika nane. "Juma alikwenda na nani?" Babu. "Alimweka kaa wapi?" Ndani ya kopo. Majibu yote sahihi, na yote unaweza kuyapata kwa kusikia jirani yako akiimba.

Saa 3:35. Uji. Wakati watoto wamepanga foleni na vikombe, nikarudi darasani na mkasi. Mchoro nikaukata wote, nikauweka kando. Manila yenyewe nikaikata chini ya sentensi ya nne, pale Juma anapokwenda kucheza mpira. Kisha nikaandika sentensi nane hizohizo kwenye vipande vya maboksi, seti sita. Mkono ukauma.

Saa 4:40, mkondo B. Watoto 61. Neno kaa nikalifanya vilevile, "la" na "wa", dakika sita. Ufukwe nikasema ni ukingo wa bahari, basi. "Mchanga" na "tupu" sikuvigusa: mchanga wanauchezea kila siku, na tupu wataipata kwenye hadithi yenyewe. Nikabandika nusu ya juu peke yake.

Nikasoma mara moja, wakasikiliza. Tukasoma pamoja mara moja tu. Baada ya hapo wakasomeana wawili wawili, mmoja anasoma sentensi, mwenzake anafuata kwa macho na kumsahihisha, nami napita. Tulipofika "Kisha akaenda kucheza mpira" nikasimama, nikauliza kaa atafanya nini. Mmoja: atalala. Mwingine: babu atamla. Wa nyuma kabisa: "Atatoka, kopo halina kifuniko." Nikamuuliza kifuniko amekijuaje. Akaja ubaoni, akapitisha kidole kwenye sentensi ya tatu polepole, akasema, "Hapa hawajasema alifunika." Nilitamani mwalimu mwenzangu wa asubuhi awepo.

Nikaandika bashiri zote tatu pembeni, nikabandika nusu ya chini. Walisoma kimya kimya kwanza, midomo inacheza, kwa sababu kila mmoja alitaka kujua kama yeye ndiye aliyepata.

Baada ya kusoma nikagawa vipande vya maboksi kwa makundi ya watoto kumi hivi, wavipange kwa mfuatano. Kumi ni wengi kwa seti moja, nakiri. Watano wanapanga, watano wanashangilia. Lakini hapa aliyekariri hana pa kujificha, kwa kuwa kila kipande kinakuja peke yake. Kundi moja liliweka "Zilielekea majini" kabla ya "Mchangani kulikuwa na alama". Nikawauliza, "Zilielekea, nini zilielekea?" Wakatazamana, wakavibadilisha wenyewe.

Nikauliza swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa: kwa nini babu alicheka? "Alijua kaa ataenda kwao." Kisha kila mtu akaandika kwenye daftari sentensi moja ambayo Juma angemwambia babu.

Saa 6:15. Nimebaki na watoto tisa wa mikondo yote miwili ambao bado wanahangaika na silabi. Kwa hawa kubashiri hakusaidii kitu; anayekwama kwenye "mcha" hafiki mwisho wa sentensi akiwa bado anakumbuka mwanzo. Tulichukua maneno matatu ya hadithi ileile, kopo, babu, tupu, tukayavunja na kuyaunga: ko-po, ba-bu, tu-pu. Kisha "tupo", "koba", wacheke. Dakika 25, wakaenda nyumbani.

Saa 9:00. Nasahihisha madaftari ya mkondo B. Wengi wameandika "Babu kaa amekimbia". Mmoja ameandika "Babu usiceke". Nimemsahihishia "ch", nikaweka vema kubwa.

Kesho mkondo A wanarudia hadithi hii kwa vipande vya maboksi, wakianzia sentensi ya tano. Kijana wa dirishani nitamketisha mbele.