Nilivyopanga hatua za kufuatilia makadirio ya kazi za ujenzi

Nilikuwa na makadirio tisa mikononi mwa wateja, na katika daftari langu yote tisa yalikuwa yameandikwa neno moja: "Nimetuma". Neno hilo lilieleza nilichofanya mimi, wala halikusema lolote kuhusu mteja, hivyo nilikuwa nikimpigia yeyote aliyenijia akilini na kumuuliza, "Vipi, umefikia wapi?"

Nilipopanga upya, nilijiwekea sharti kwamba kazi haihami hatua mpaka mteja mwenyewe atende jambo. Hatua ya kwanza ni ombi. Ya pili ni pale anaponipeleka kwenye eneo na kunijibu nani anaamua, fedha zinatoka wapi, na anataka kuanza lini. Ya tatu ni makadirio yaliyosomwa, ya nne ni majadiliano, na ya tano ni kazi iliyopatikana, ambayo siihesabu kabla mkataba haujasainiwa na malipo ya awali kuingia, kwa kuwa "tutaanza wiki ijayo" nimeisikia mara nyingi mno. Kwa kipimo hicho, kati ya yale tisa ni manne tu yaliyofika hatua ya tatu. Mawili nilikuwa nimeyakadiria kwa picha za simu bila kufika eneo.

Bei zangu hudumu siku 30, kwa sababu nondo na saruji hupanda bila taarifa, na ufuatiliaji nikaufunga humo humo. Siku ya 2 nahakikisha kwamba makadirio yamefunguliwa. Siku ya 5 napiga simu nikiwa na swali moja kuhusu kazi yenyewe. Siku ya 12 naomba tukutane. Siku ya 25 nakumbusha kwamba bei inakaribia kuisha. Baada ya hapo kazi naiweka kando kwa miezi mitatu.

Simu ya siku ya 5 ndiyo iliyonifaa zaidi. Mteja mmoja wa kupaua nyumba upya nilimuuliza kama ameridhika na bati la geji 28 nililoweka. Akasema, "Hilo muulize kaka, yeye ndiye anayelipa." Kumbe nilikuwa nimemwandika mtu asiyeamua. Niliirudisha kazi hatua ya pili, nikazungumza na kaka yake, naye akaniambia kwamba mkandarasi mwingine alikuwa na bei ya chini kuliko yangu. Tulipofungua karatasi zote mbili tuliona kuwa mwenzangu alikadiria geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi. Nikamwandikia bei ya kila geji. Akachagua 28, na malipo ya awali yakaingia siku ya 19.

Mpangilio huu siutumii kwenye zabuni zinazoamuliwa na kamati. Huko tarehe ya uamuzi wanaipanga wao, kwa hiyo naandika hiyo tu daftarini na kungoja.