Mpangaji mkimya na kodi inayopanda

Jumapili, usiku

Leo namwaza mpangaji asiyependa kubishana. Tuseme anakaa Dar, kodi yake ni 350,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba amemwambia mkataba mpya utakuwa wa 400,000. Mwenye mdomo ataanza kuomba apunguziwe palepale mlangoni. Mkimya aanze na kalamu.

Hesabu ya kwanza ni ya kuhama. Akipata nyumba nyingine ya 350,000, dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, na gari la mizigo tuseme 80,000. Jumla 430,000. Ukiigawanya kwa miezi 12, ni karibu 36,000 kila mwezi. Kwa hiyo kikomo chake ni kama 385,000. Ikizidi hapo, heri ahame. Wengi huruka hatua hii, wakatishia kuhama bila kujua kama kunawalipa.

Hesabu ya pili ni ya mwenye nyumba. Nyongeza ya 50,000 kwa miezi sita ni 300,000, lakini nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, amepoteza zaidi ya hiyo. (Mtaa ambao vyumba havikai hata wiki, hoja hii haina nguvu. Achunguze kwanza.)

Siku moja kabla ya mazungumzo, atume ujumbe: "Shikamoo mama. Kesho nikija naomba tuongee mambo matatu: bomba la jikoni, kodi, na muda wa mkataba." Salamu isikosekane, maana orodha tupu husomeka kama barua ya wakili. Bomba linatangulia kwa makusudi, ili ukarabati unaodaiwa uwe mezani kabla ya bei. Muda wa mkataba unabaki mwisho kwa sababu ndicho kitu anachoweza kutoa: akikaa mwaka mzima, mama hatafuti mpangaji.

Sasa kimya. Mpangaji akishataja bei yake ya kuanzia, tuseme 360,000, anyamaze. Hapa ndipo wenye haya hujiumiza zaidi: kimya kinawatesa, wanaongeza "au hata 375 si mbaya", na wamejipandishia bei wenyewe. Avute pumzi nne za taratibu, macho kwenye karatasi.

Lakini mama akitaja bei yake, kimya hichohicho kinageuka. Kunyamaza na kuinamisha macho huchukuliwa kuwa umeridhia. Kwa hiyo akitangaze: "Ngoja niangalie hesabu yangu, mama." Bei ikiwa 390,000, asijibu pale. "Naomba nikujibu kesho saa nne asubuhi," na saa nne hiyo ajibu kweli, kwa maandishi, ambako mkimya hujieleza vizuri zaidi.

Wakielewana, jioni ileile atume: "Asante mama. Tumekubaliana 370,000, mkataba miezi 12, nalipa kwa awamu mbili za miezi sita, bomba litatengenezwa kabla ya tarehe 15." Jibu la "sawa" alitunze mpaka mkataba utiwe saini.